Umealikwa mbele ya grupu zima na huwezi kwenda: jinsi ya kukataa bila kuua shughuli ya mwenzio

Niliwahi kuua shughuli ya mtu kwa meseji moja. Sio kwa ubaya, yani hata sikujua. Dada mmoja tuliyekuwa nae kwenye kikundi cha kukopeshana alibandika mwaliko kwenye grupu saa mbili usiku, anatukaribisha wote kwenye shukrani ya kumaliza nyumba yake, bondeni huko ukitoka Tukuyu, na mimi kwa kiherehere changu nikawa wa kwanza kujibu: "Hongera dada, ila kwa mvua hizi na ule utelezi wa kushuka kwako sidhani kama ntaweza, utanisamehe mpenzi." Nikaweka na emoji ya kulia. Nikaenda kusonga ugali wangu. Narudi kwenye simu nakuta watu saba wameshaandika chini yangu, "kweli aisee hizi mvua", "mi mwenzenu gari langu haliwezi ule mteremko", "tuko pamoja kwa maombi dada". Siku yenyewe walifika watu 11 na chakula kilipikwa cha watu 40. Na mvua haikunyesha.

Toka siku hiyo nimekuwa na adabu na mialiko ya kwenye grupu. Mwaliko wa kadi ukiukataa, mnabaki wawili mnaojua, wewe na mwenye shughuli. Huu wa kubandikwa ukiukataa unasomwa na watu 100 na kitu ambao wengi wao bado wanajiuliza waende wasiende, na jibu lako ndo wanalolipima. Kwaiyo hapa chini naeleza ninavyofanya siku hizi, na nitatumia mwaliko mmoja wa kweli ili tusiongee hewani.

Mwaliko wenyewe ulikuwa hivi. Dada mmoja wa Njombe, tulisoma nae mafunzo ya kilimo zamani, alibandika Jumapili jioni:

"Habari za jioni wapendwa. Nawakaribisha wote Jumamosi shambani kwangu, saa 4 asubuhi, tutakuwa na shamba darasa la parachichi. Afisa kilimo atatuonesha kupogoa na namna ya kuandaa mashimo ya miche. Chakula cha mchana kipo. Njooni na majirani. Naomba mnithibitishie mpaka Jumatano nijue idadi."

Alafu chini yake akanitaja kwa jina, "wewe wa Uyole usinikose". Na mimi hapa Uyole, Mbeya, Jumapili inayofuata hiyo Jumamosi mtoto wa dada yangu alikuwa anapata kipaimara, na mkubwa wa jikoni ni mimi. Kipaimara cha Jumapili maana yake Jumamosi yote unamenya ndizi. Sitoki.

Kwanza, soma tena uone kama jibu lako linatakiwa

Sio kila mwaliko uliobandikwa unataka ujibu. Mtu akibandika "karibuni wote mkutano wa injili uwanjani wiki nzima" na grupu lina watu 200, hakuna anayekaa kuhesabu kama wewe umejibu. Kukataa hapo ni kujipa umuhimu tu, na ni kumharibia. Nyamaza, au kama unapenda sana mtumie kwa pembeni.

Mi najibu hadharani kikiwepo hata kimoja tu kati ya vitu vitatu: nimetajwa kwa jina, au nilishawahi kusema nitakuja, au mwenye shughuli ameomba idadi na anajua mimi ni wa kuhesabiwa. Huu wa Njombe ulikuwa na viwili. Nimetajwa, na idadi inatakiwa. Nikinyamaza watu watasema nimemdharau, na yeye jikoni atanihesabu.

Alafu angalia siku ya mwisho ya kuthibitisha. Jumatano hapo haijaandikwa kwa urembo. Huyu dada ananunua mchele Alhamisi, na kilo moja ya mchele ni kama watu sita hivi, kwaiyo watu sita wakikataa Ijumaa usiku kilo nzima imeshanunuliwa bure, na nyama yake.

Pili, usiwe wa kwanza, na kabla ya grupu nenda inboksi

Hii ndo niliyoikosea kule bondeni. Jibu la kwanza chini ya mwaliko ndo linaweka hali ya hewa. Likiwa "nakuja na mume wangu", wa pili anaandika "na mimi". Likiwa "samahani", basi kila aliyekuwa na uvivu wake anapata pa kujificha. Kwaiyo subiri mpaka watu watatu wanne waseme wanakuja, ndo uandike la kwako. Mara nyingi haichukui hata siku moja.

Ila mwenye shughuli mwenyewe usimsubirishe. Mi usiku ule ule nilimwandikia inboksi:

"Kamwene dada. Nimeona mwaliko na umenitaja kabisa, asante. Jumamosi sitaweza, Jumapili kuna kipaimara cha mtoto wa dada yangu na jiko ni langu. Nimeona nikwambie wewe kwanza usije ukaniweka kwenye hesabu. Kwenye grupu nitaandika kesho watu wakishaanza kujibu."

Akajibu "sawa dada, ila nitakudai". Imeisha. Hata hapo unaona kazi kubwa imeshafanyika, kilichobaki kwenye grupu ni heshima na kusukuma watu waende.

Kama mwenye shughuli ni mzee, baba mdogo, mchungaji, au mwalimu aliyekufundisha, inboksi haitoshi, piga simu. Na mzee humwambii "sitaweza kuja". Unamwomba udhuru. "Shikamoo baba, nimepigia kuomba udhuru wa Jumamosi." Ukishaomba udhuru, na yeye akashasema "haya mwanangu", ndo unaandika kwenye grupu mstari mmoja tu: "Shikamoo baba, asante kwa udhuru ulionipa, shughuli ikafane." Hapo hata wasomaji wengine wanaona umepita mlango wa mbele.

Kuna kale kamtindo ka orodha, admini anaandika namba 1, 2, 3 na kila mtu anaikopi anaongeza jina lake. Kama huendi usiiguse ile orodha. Kuna watu wanaikopi wanajiandika "12. Sitafika", sasa hiyo ni nini. Na wawili wakikopi kwa wakati mmoja jina la mmoja linapotea, unakuja kukuta aliyekuwa anakuja kafutwa na ambaye haji ndo yupo.

Tatu, sema huji, kwa Kiswahili kinachoeleweka

Sisi watu wa huku tuna adabu nyingi na adabu hiyo inatuponza. "Nitajitahidi." "Mungu akipenda." "Tuko pamoja." Mwenye shughuli akisoma "nitajitahidi" anakuhesabu, maana anataka kukuhesabu. Aliyeandika alimaanisha hapana. Wote wawili wana haki na sahani moja inabaki.

"Tuko pamoja" ndo mbaya zaidi. Nusu ya watu wanaiandika kama "nakuja" na nusu kama "nakuombea nikiwa nyumbani". Mi nimeifuta kabisa kwenye mambo ya idadi.

Andika "sitafika Jumamosi". Maneno mawili, na siku uitaje. Usianze na samahani tano. Samahani moja inatosha, na hata isipokuwepo hakuna shida kama umeanza na asante. Ukiomba msamaha sana unamlazimisha mwenye shughuli aanze kukubembeleza wewe mbele za watu, "usijali dada, wala usijisikie vibaya", wakati yeye alikuwa anataka kuongelea mashimo ya miche.

Nne, sababu. Hapa tukae kidogo

Nilipoandika jibu la Njombe mara ya kwanza, nililiandika pembeni kwenye noti za simu, likatoka hivi:

"Hongera sana dada kwa kweli umetisha. Ningependa sana kuja ila Uyole mpaka Njombe ni mbali, na nauli nayo, halafu Jumapili tuna kipaimara, mama nae hajisikii vizuri, kwaiyo nitajitahidi ila sina uhakika. Kama mtarekodi mtutumie. Natumaini hamtakosa watu. Tuko pamoja."

Lisome kama wewe ni mtu wa Chimala ambaye bado hujaamua. Ndo utaona balaa.

Umbali kwanza. Mbeya mpaka Njombe ni zaidi ya kilomita 200, unapita Igurusi, Chimala, Igawa, unafika Makambako ndo unakata kulia, kila mtu anajua. Lakini nikiutaja mimi nimewaazima watu wote wa Mbeya sababu. Na nauli hivyo hivyo, na mvua, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Hizi ni sababu za kuazimana. Kipimo changu ni hiki: je, mtu mwingine kwenye hili grupu anaweza kuichukua sababu yangu akaivaa? Kama anaweza, siiandiki, hata kama ni kweli. Mtu wa Chimala hawezi kuvaa kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Hiyo ni yangu peke yangu, inabaki kwangu.

Alafu nilirundika sababu nne. Umbali, nauli, kipaimara, mama. Sababu moja inaaminika. Zikiwa nne msomaji anaanza kuchagua, anasema huyu hataki tu. Na kuna jambo jingine, sababu nyingi zinamfungulia mwenye shughuli mlango wa kuzitatua, "nauli nitakutumia dada", "utalala kwangu", sasa utasema nini.

Na mama. Mama kweli alikuwa anaumwa mgongo. Lakini ukiandika ugonjwa au msiba chini ya mwaliko wa furaha, grupu linageuka. Wataanza "pole sana dada", "amepata nini mama", "Mungu amponye", pole 30, na mwaliko umeshapanda juu huko hakuna anayeuona tena. Na wewe hukutaka pole, ulitaka kukataa shamba darasa. Kama sababu ya kweli ni msiba, iseme inboksi, na kwenye grupu uandike "nina jukumu la familia siku hiyo". Sio uongo. Wanaojua watajua.

Vipi kama sababu ni hela tu, huna? Hiyo hiyo, "siku hiyo nina jambo la nyumbani". Usitunge safari ya Dodoma. Mbeya tunajuana, utaonekana sokoni Mwanjelwa na kapu saa tano asubuhi na watu wawili wa grupu lile lile. Sababu fupi isiyo na maelezo haina ubaya wowote, joto la meseji unaliweka sehemu nyingine, kwenye asante na kwenye kuwatakia heri. Ukiwa na sababu nzuri ya kusema kama mimi, basi iseme na picha yake kidogo. "Jukumu la jikoni" ni baridi, "nitakuwa nimezungukwa na ndizi za kumenya" mtu anacheka, anakuona, na hakuna anayejiuliza kama nimenuna.

Tano, kuwatakia watu wajae

Hapa wengi wanaandika "natumaini hamtakosa watu" au "hata wakija wachache Mungu yupo". Jamani. Hiyo ni kumwambia mtu mbele ya wageni wake kwamba una mashaka na shughuli yake. Neno "wachache" lisitokee kabisa. Na "mtarekodi?" pia hapana, maana umeshawafundisha watu kwamba kuna njia ya kupata somo bila kusafiri. Video omba wiki ijayo.

Watakie kama jambo lililo na uhakika, na utumie vitu vya shughuli yenyewe. Harusi unasema ukumbi ujae mpaka viti vikaazimwe kanisani. Harambee unasema kapu lizidiwe. Shamba darasa unasema lijae mpaka watu wakose pa kukanyaga katikati ya mistari. Alafu weka kitu kimoja kinachomvuta mtu ambaye hajaamua, kitu unachokijua wewe kuhusu huyo mwenye shughuli au hilo shamba. Mi nilikuwa nimeiona ile miche miaka mitatu nyuma, nikakitumia hicho.

Na kama unaweza, toa mtu. Yani wewe huendi lakini mtafute mmoja wa kwenda. Jirani yangu hapa Uyole ana miparachichi minne uani ambayo hajawahi kuigusa na kisu, nilimwendea Jumatatu asubuhi, nikamwonesha mwaliko, akasema anaenda na mdogo wake. Hii inazidi maombi yote. Ila usimtaje kwenye grupu kabla hajakubali, na usiahidi mchango hadharani kama hela haipo mkononi. Ahadi ya kwenye grupu haisahauliki, itakaa hapo na skrinshoti.

Meseji iliyoenda kwenye grupu, Jumatatu mchana, baada ya watu watano kusema wanakuja, ni hii:

"Dada, asante kwa kunikaribisha mpaka kwa jina. Jumamosi sitafika, Jumapili mtoto wa dada yangu anapata kipaimara na jiko lote nimekabidhiwa mimi, siku hiyo nitakuwa nimezungukwa na ndizi za kumenya mpaka usiku. Mi ile miche niliiona ikiwa inanifika gotini, nasikia sasa inanipita kichwa na ina matunda, mnaoenda mtaniambia. Shamba lijae mpaka watu wakose pa kukanyaga katikati ya mistari. Jirani yangu wa Uyole na mdogo wake wanakuja, namba zao nimekutumia inboksi."

Hesabu mwenyewe: asante, sitafika, sababu moja, kivutio, heri, watu wawili. Sentensi tano. Ukizidisha hapo watu hawasomi, wanaona tu "sitafika" na maandishi mengi na wanadhani kuna ugomvi. Na voisi usitume. Kukataa kwa voisi ya dakika mbili, kelele za bajaji kwa nyuma, nusu ya watu hawaifungui na nusu iliyofungua inasikia pumzi tu.

Ukishatuma, utajuaje kama imekaa vizuri

Angalia yanayofuata chini yako. Zikifuata "hongera ya kipaimara" mbili tatu na watu wanaendelea kusema wanakuja, uko salama. Ila mtu akiandika "hata mimi mwenzio sitaweza", meseji yako imeanza kuazimwa. Usimjibu yeye. Rudisha mazungumzo kwenye shughuli haraka, uliza kitu ambacho jibu lake linawavuta watu, mfano mimi niliuliza "dada, mtu akitoka Mbeya anashuka stendi au kuna pa karibu zaidi?" Akajibu kwamba kutakuwa na mtu wa kupokea wageni pale stendi. Hapo hapo wawili wakasema basi tunakuja na gari la asubuhi. Na yule wa "hata mimi" nasikia alienda.

Mwenye shughuli akikubembeleza hadharani, "jamani njoo hata nusu saa", usianze kujieleza upya na kuongeza mama na nauli. Jibu moja la kicheko, "ndizi hazijimenyi dada", basi, yanayobaki mkamalizie inboksi.

Siku yenyewe Jumamosi asubuhi nilimtumia neno moja tu la heri, yeye peke yake, mapema kabla hajaanza pilikapilika. Kwenye stetasi niliweka picha ya karai la ndizi, na ilikuwa kweli. Kama ulisema una jambo la nyumbani basi stetasi yako siku hiyo ipumzike, hata kama umepita tu mahali ukala nyama choma.

Jumatatu nikamwuliza ilikuwaje. Wali uliisha saa nane mchana, ikabidi wachemshe viazi, walikuwa 53. Jirani yangu alirudi na miche sita na mkasi mpya wa kupogolea, na sasa kila asubuhi nikitoka kufagia uwanja ananifundisha kwa sauti kubwa kutokea upande wa pili wa ua, tawi gani linakatwa na lipi linaachwa.